Kovu la Zuhura kwenye picha ya mahafali: lifutwe au libaki?

#1 Fundi_wa_Msamvu

Wakuu, habari za humu. Mimi ni fundi wa picha hapa Morogoro, nina studio ndogo karibu na stendi ya Msamvu, mwaka wa 11 sasa. Nimekiandika kisa hiki kama hadithi fupi, kwa sababu nikikieleza kwa mistari mitatu mtanijibu "mteja ndiye mwamuzi" na mtapita zenu. Majina nimebadili, na wenyewe wameniruhusu niandike.

Walikuja Jumatatu jioni, siku mbili baada ya mahafali, nikiwa nafagia ili nifunge. Zuhura alitangulia, flashi kaifumbata mkononi. Rehema alifuata na mfuko wenye majoho mawili ya kukodi ambayo yalitakiwa kurudishwa kesho yake asubuhi.

"Kaka, tunataka usafishe picha moja, halafu utuchapie kubwa ya ukutani. Inchi 12 kwa 16, na fremu."

Nikachomeka flashi. Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Wamesimama bega kwa bega chini ya mwarobaini, saa saba mchana, wote wawili wanacheka. Kofia zilikuwa zimewatia kivuli usoni, hivyo aliyepiga aliwasha taa ya kamera ikawapiga moja kwa moja. Zuhura ana kovu la moto. Linaanzia chini ya sikio la kushoto, linafuata taya, linaishia kwenye pembe ya mdomo, upana wake kama vidole viwili. Ngozi ya pale haina vinyweleo wala vitundu, imenyooka kama utando wa ndani ya ganda la yai, na taa ilipoipiga ikawaka nyeupe.

Zuhura akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Nataka hili litoke."

"Lisitoke," Rehema akasema.

Nikauacha mkono wangu juu ya kipanya bila kubonyeza kitu. Nilidhani wanataniana. Hawakuwa wanataniana.

"Rehema, uso ni wangu."

"Uso ni wako, na picha nimo. Nimekaa na wewe chumba kimoja miaka mitatu. Sitaki kusimama ukutani na mtu nisiyemjua."

"Haikai ukutani kwako. Inakaa kwa mama."

Hapo ndipo Zuhura alipovuta kiti akakaa, akanieleza mimi, ingawa nilielewa kwamba anamweleza mwenzake. Kwao ni Gairo. Mama yake alikuwa anauza uji sokoni, anaamka saa kumi alfajiri kuupika. Zuhura akiwa na miaka 7 aliamka gizani, akaenda kumkumbatia mama yake miguuni wakati anaipua sufuria kwenye mafiga.

"Uji si kama maji, kaka. Maji yanapita. Uji unakaa palepale, na unaendelea kuunguza." Akanyamaza kidogo. "Tangu siku ile mama anakaa kulia kwangu. Kwenye mkeka, kwenye basi, msikitini kwenye harusi, popote. Miaka 17. Hajawahi kusema kwa nini, na mimi sijawahi kumuuliza. Nataka apate picha moja tu ambayo anaweza kuitazama yote."

Rehema hakujibu haraka. Alikuwa anaukunja na kuukunjua mdomo wa ule mfuko.

"Shoga, sikiliza. Siku atakayoiona haina kovu, hiyo ndiyo siku atakayoliona vizuri. Atajua umelitoa, na atajua umelitoa kwa ajili yake. Kitu ambacho mmekinyamazia miaka 17 utakuwa umekitundika ukutani kwake."

"Au atafurahi."

"Au atafurahi," Rehema akakubali. "Wewe unamjua zaidi. Lakini ukutani kuna picha yako ya kidato cha nne. Hiyo nayo utaifuta?"

Zuhura akanigeukia. "Fanya tuone."

Nikafanya. Nilifungua leya mpya juu ya picha ili ya asili isiguswe, nikachukua Healing Brush, pale kwenye Sample nikaweka Current & Below, nikaanza kuazima ngozi ya shavu la juu kidogo kidogo, kila mara nikihamisha mahali pa kuazimia ili vitundu visijirudie. Mstari wa taya niliufanya peke yake, kwa sababu pale nyuma kuna kola ya joho na brashi ikipita ovyo inaburuta weusi wake mpaka shavuni. Dakika 40. Shavu likawa safi, na kwa kweli nilijisikia vizuri na kazi yangu.

Zuhura aliitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mbona nimekasirika?"

Nilikuwa sijaona. Kovu lake limeivuta pembe ya mdomo ya kushoto chini, kidogo tu. Kovu likiwepo, jicho linaelewa mara moja kwamba mdomo umevutwa na kovu. Nilipolifuta, mvuto ulibaki bila sababu yake, na binti aliyekuwa anacheka akawa kama anamdharau mtu aliyeshika kamera.

Nikaingia Liquify, nikaiinua ile pembe ya mdomo. Hapo shavu likakataa, maana mtu akicheka shavu hupanda na kujikunja chini ya jicho, na shavu la Zuhura la kushoto halipandi kama la kulia. Nikaliinua nalo. Jicho likabaki peke yake. Kila nilichorekebisha kiliniomba kingine, na baada ya robo saa kioo kilikuwa na msichana mzuri ambaye hakuna aliyemfahamu mle ndani. Rehema hakusema "nilikwambia." Zuhura alifumba macho akasema, "Rudisha."

Nilizima leya zile, kovu likarudi. Wakati linarudi nikamtazama Zuhura mwenyewe, amekaa chini ya taa yangu ya kawaida, na nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona mwanzo. Kovu lake halisi si jeupe. Lina rangi karibu sawa na shavu, limepauka kidogo tu. Ule weupe ni wa taa ya kamera.

Nikawaambia naweza kuondoa ule weupe peke yake. Kovu libaki na umbo lake na mvuto wake, ila lirudi kwenye rangi yake. Rehema akasema hiyo pia ni kufuta, polepole. Zuhura akasema hiyo haitoshi. Wakaniachia elfu kumi ya kutangulia, wakaondoka wakiahidi kurudi Ijumaa.

Swali langu kwenu: kuondoa ule weupe ni kufuta, au ni kusahihisha uongo wa taa? Na nani kati yao alikuwa na haki?

#2 Mama_Karanga

Pole sana kwa huyo binti. Mwambie achukue mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani achanganye na asali, apake kila usiku miezi mitatu. Mimi nilikuwa na kovu la goti tangu utoto na sasa huwezi kuliona. Mambo ya kompyuta hayamsaidii, ataishi na uso wake si na picha.

#3 Fundi_wa_Msamvu

Ahsante mama. Hapa swali ni la picha, lakini neno lako la mwisho nimelichukua.

#4 Pikseli_Kali

Mkuu, dakika 40 kwa kovu moja ni nyingi mno. Unatenganisha picha leya mbili, moja ya rangi na mwanga, nyingine ya vitundu vya ngozi. Unalainisha ile ya rangi, unaacha ya vitundu ilivyo, umemaliza kwa dakika tano. Harusi nzima ya picha 400 nasafisha hivyo. Na mdomo usingeugusa kabisa, nani ataupima kwa rula?

#5 Fundi_wa_Msamvu

Pikseli_Kali, njia hiyo naitumia na ni nzuri kwa madoa ya rangi, weusi wa chunusi zilizopona au uso usio sawa kivuli. Inafanya kazi kwa sababu vitundu vipo na ni vizima, tatizo liko kwenye rangi tu. Kwenye kovu la moto vitundu vyenyewe havipo. Ukilainisha rangi unabaki na ukanda mtupu katikati ya ngozi yenye vitundu, kama kiraka cha plastiki. Na kovu la Zuhura limeinuka, lina upande wenye mwanga na upande wenye kivuli. Ukilainisha kivuli hicho, taya inapoteza kona yake.

Kwenye simu usingeona, hapo nakubali. Inchi 12 kwa 16, kwa nukta 300 kila inchi, ni pikseli 3600 kwa 4800, na picha ya kamera ile ilitosha. Hiyo ndiyo shida. Mtu atasimama mbele ya fremu akiwa hatua moja, na shavu litakuwa kubwa kama kiganja. Mimi huwa naipindua picha kushoto kulia kabla ya kuchapa. Jicho likishazoea linasamehe, ukiipindua linashtuka. Ningeipindua ile kabla ya Zuhura kuzungumza ningeuona ule mdomo.

Mdomo hapimi mtu kwa rula. Mwenye mdomo aliuona kwa sekunde tatu.

#6 Pikseli_Kali

Hilo la vitundu nimekuelewa. La mdomo bado, naona wateja wengi wanataka wapendeze tu na hawaulizi zaidi.

#7 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Nimefanya kazi wodi ya majeraha ya moto kwa miaka kadhaa, niseme machache.

Mama_Karanga, samahani, mafuta yanalainisha ngozi na yanapunguza kuwasha, na kwa kovu changa kulikanda kwa mafuta ni jambo zuri. Lakini kovu la moto mzito la miaka 17 limeshakomaa, haliondoki kwa kupaka. La goti lako huenda lilikuwa la juujuu, na hayo hufifia yenyewe kwa miaka.

Alichoeleza fundi, mdomo kuvutwa, ndicho kitu ambacho watu wengi hawakijui. Jeraha la moto lililoingia ndani linapopona hujikusanya, kama ngozi ya ngoma inavyokauka ikajikaza. Likiwa karibu na kiungo au karibu na kitu laini kama mdomo au kope, linavuta. Kwa mtoto ni zaidi, kwa sababu uso unaendelea kukua na kovu halikui nao sawasawa. Ndiyo maana wodini tunahangaika na mazoezi, kanda za kubana na kukanda kwa mwaka na zaidi, hata kidonda chenyewe kikiwa kimeshafunga. Mvuto ukizidi, daktari wa upasuaji anaweza kuulegeza kwa kukata na kupandikiza ngozi, hata ukubwani. Sisemi Zuhura anahitaji. Nasema tu kwamba brashi ya fundi ilikutana na kitu ambacho hata kisu hukifanyia kazi kwa hatua nyingi.

Na watu msichanganye na keloidi. Keloidi inatoka nje ya mipaka ya jeraha lenyewe, inaweza kuanzia kwenye tundu la hereni ikawa kama jongoo, na ikikatwa peke yake mara nyingi inarudi. La Zuhura, kwa maelezo haya, limebaki palipoungua.

Kuhusu uji ni kweli tupu. Uji na maharage vinaunguza kuliko chai kwa sababu vinanata. Anayemwagikiwa atolewe nguo yenye uji haraka, sehemu iwekwe chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mayai viacheni jikoni.

Kina mama wanaokaa upande mmoja nawajua. Mmoja alikuwa analisha mtoto wake kwa mkono wa kushoto mwezi mzima, na yeye ni wa kulia, ili asikae upande wa bendeji. Sijui Zuhura afanye nini. Rehema amesema jambo la kweli, lakini yeye hajawahi kuwa huyo mtoto.

#8 Mjukuu_wa_Newala

Nitaeleza letu, halafu mtaona kama linahusu.

Bibi yangu alikuwa Mmakonde wa zamani, mwenye chale usoni, mistari ya pembe pembe kwenye mashavu na kipaji cha uso. Alipofariki tulikuwa na picha yake moja tu nzuri, ndogo, ya kitambulisho. Tukaipeleka studio ikuzwe iwekwe mbele ya jeneza. Fundi, kwa nia njema kabisa, aliona mistari ile akadhani ni mikunjo ya karatasi au picha kuchakaa. Akaisafisha yote. Hakuuliza.

Tuliifungua msibani. Mdogo wake bibi, mzee wa miaka zaidi ya 80, aliisogelea akauliza, "Huyu ni nani?" Hakuwa anauliza kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Tuliiondoa, tukaiweka ile ndogo ya kitambulisho, watu wakawa wanainama kuitazama.

Najua chale zilikatwa kwa makusudi na kovu la Zuhura ni ajali, si kitu kimoja. Lakini tangu siku ile naamini fundi asiguse alama yoyote bila kuuliza, na familia isifikiri alama ni mali ya mtu mmoja tu.

#9 Asha_wa_Kibaha

Mjukuu_wa_Newala, pole kwa msiba. Ila hapo mwisho nakupinga. Bibi yako hakuulizwa, na kama angeulizwa angekataa. Zuhura ameuliza mwenyewe. Ni mtu mzima, ana shahada yake, na ametoa sababu ambayo haina hata chembe ya kuona aibu. Rehema anazungumza kama kovu ni la urafiki wao.

Mimi nina alama ya kuungua mkononi. Kila ninapovaa mikono mifupi kuna mtu ananiambia "usione haya, jikubali." Nimejikubali. Kuna siku tu sitaki kuwa mada. Mwenye ngozi safi hapewi mtihani huo, anapigwa picha anaondoka. Kwa nini Zuhura ndiye abebe ukweli wa picha yote?

#10 Fundi_wa_Msamvu

Asha, umenigusa. Rehema mwenyewe, kabla hawajakaa, alikuwa ameniomba nimtolee kipele cha kidevuni, na sikumuuliza lolote.

#11 Asha_wa_Kibaha

Ndiyo hivyo sasa.

#12 Mzee_wa_Negativu

Vijana, nimewasoma wote. Nilifanya kazi studio Tanga miaka ya 1980, kabla ya hizo leya zenu, na suala hili tulikuwa nalo kila wiki.

Tulikuwa tunatumia filamu ya 120, negativu ya sentimita 6 kwa 6. Unaiweka juu ya kioo chenye mwanga chini yake, unapaka dawa ya kunatisha, halafu unachukua penseli uliyoichonga kwa msasa mpaka ncha inakuwa kama sindano. Sasa kumbukeni negativu ni kinyume. Kivuli cha uso, kama mkunjo au shimo la ndui, kwenye negativu ni mahali peupe. Ukipatia penseli pole pole unapaongezea weusi, na kwenye karatasi panatoka pameng'aa zaidi. Mkunjo unapotea. Kazi ya dakika chache kwa mwenye mkono mtulivu.

Lakini kovu linalowaka kama la huyo binti ni kinyume chake. Kwenye negativu ni jeusi tayari, penseli haina la kufanya. Ulikuwa uchague, ukwangue dawa ya filamu kwa kisu chembamba, na ukikosea negativu imekufa, hakuna ya pili, au usubiri karatasi itoke ulitie wino kwa brashi ya nywele chache, kila nakala peke yake. Kwa hiyo sisi tulijifunza kovu la namna hiyo linashughulikiwa kabla ya kubonyeza kamera. Unampeleka mtu mbali na jua kali, kwenye kivuli cha wazi au karibu na dirisha. Unamgeuza upande wenye kovu ukutane na mwanga laini, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaochonga kila kilichoinuka. Unampa leso ajifute jasho, maana ngozi ya kovu inang'aa kuliko nyingine. Taa ya mbele kwa mbele hapana kabisa.

Mwalimu wangu alikuwa na desturi moja: chunusi na mkwaruzo ondoa bila kusema, ila kilichokuja na mtu mlangoni muulize, tena muulize akiwa peke yake. Wewe fundi uliwauliza wakiwa wawili.

Na jambo jingine. Umesema walikuja na majoho mawili kwenye mfuko. Jioni. Majoho yalikuwa mbele yako, binti yuko mbele yako, jua limeshapoa. Ukakaa dakika 40 kwenye kompyuta.

#13 Fundi_wa_Msamvu

Shikamoo mzee. Sina jibu. Nimesoma sentensi yako ya mwisho nikaweka simu chini.

#14 Mzee_wa_Negativu

Marahaba mwanangu. Sikukuambia kwa ubaya. Mimi niligundua hivyo hivyo, mteja akiwa ameshaondoka.

#15 Pikseli_Kali

Mzee, hiyo ya negativu sikuwahi kuisikia. Kwenye Photoshop ule weupe unautoa vipi bila kuua kovu? Fundi hakutuonyesha.

#16 Fundi_wa_Msamvu

Clone Stamp, kwenye leya yake. Mode ya leya hiyo naiweka Darken, hivyo inagusa tu pale panapowaka kuliko mahali nilipoazima, pengine inapita bila kufanya kitu. Opacity 15, napita mara nyingi badala ya kupita mara moja kwa nguvu. Na siazimi shavuni, naazima kwenye ukingo wa kovu lenyewe pasipowaka, ili ngozi ibaki ya kovu. Pale palipowaka mpaka pakawa peupe kabisa hakuna maelezo ndani yake ya kurudisha, hapo nilitia rangi kidogo kwanza. Unajua umezidisha pale kovu linapoanza kuonekana kama limepakwa vumbi, rangi ya kijivu. Ukifika hapo rudi nyuma.

#17 Konda_Mstaafu

Naongezea tu: akitaka kuitumia kwa pasipoti, uso usiguswe kabisa. Picha ya pasipoti inatakiwa ionyeshe mtu alivyo, kovu nalo ni sehemu ya kumtambua.

#18 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Hiyo ni ya ukutani, Konda, ila uko sahihi.

Fundi, Ijumaa ilikuwaje?

#19 Fundi_wa_Msamvu

Ijumaa alikuja Zuhura peke yake. Nilifuata neno la mzee, nikamuuliza upya kama hatujawahi kuzungumza. Nikamwambia naweza kukodi joho kwa saa moja kwa gharama yangu, tukapige picha upya jioni ukutani kwa mwanga laini. Alifikiri, akakataa. Alisema ile ya mwarobaini nyuma yake kuna watu wanapiga vigelegele, na mmoja wao ni shangazi yake, hata kama haonekani vizuri.

Nikamwonyesha ile niliyoondoa weupe. Aliisogelea, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasogea tena. Akasema, "Punguza tena kidogo." Nikapunguza. "Tena." Nikapunguza, mpaka nikaona kijivu kinaanza, nikamwambia hapa ndipo mwisho wa kovu lako, nikiendelea itakuwa si lako. Akasema basi, chapa. Mdomo sikuugusa. Kipele cha Rehema nilikitoa kama alivyoomba, halafu nikampigia kumwambia kovu limefikia wapi. Alinyamaza, akasema sawa. Jioni alituma nusu ya pesa ya fremu bila kuombwa.

Mpaka leo hawajakubaliana. Rehema anasema tumelifuta nusu. Zuhura anasema tumelirudisha nusu. Mimi nimekaa katikati yao na sijui.

#20 Asha_wa_Kibaha

Na mama?

#21 Fundi_wa_Msamvu

Zuhura aliipeleka Gairo Jumapili, akanipigia usiku. Mama aliifungua gazeti, akaishika muda mrefu, akauliza kwa nini kofia ya Rehema imekaa upande. Juu ya kovu hakusema neno. Rehema anasema amenyamaza kwa sababu ameona. Zuhura anasema amenyamaza kwa sababu safari hii hakukuwa na kitu cha kumchoma.

Nikamuuliza, wakati anaitazama alikuwa amekaa upande gani kwako?

"Hakukaa, kaka," akaniambia. "Alikuwa anazunguka nyumba nzima anatafuta msumari."